Siagi ya karanga na alama ya TBS: kinachokaguliwa si kopo peke yake

Msindikaji mdogo akipigiwa simu kwamba siagi yake ya karanga imepita maabara, anachofikiria mara moja ni kwenda kuchapisha lebo. Angesubiri kwanza. Ripoti ile inazungumzia makopo machache yaliyojazwa siku moja. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) itabandikwa kwenye makopo ambayo bado hayajatengenezwa, ya mwezi ujao na ya baada ya mavuno yajayo, na hakuna maabara inayoweza kupima kopo ambalo halipo. Ndiyo sababu kuna sampuli na kuna ukaguzi wa kiwanda. Sampuli inaonyesha kwamba unaweza kutengeneza siagi salama. Ukaguzi unatafuta kujua kama utaitengeneza hivyohivyo tena kesho, fundi wako mzoefu akiwa amesafiri kwenda msibani.

Kwa bidhaa nyingine tofauti hiyo haionekani sana. Mafuta ya alizeti, ambayo ndiyo fahari ya Singida na Dodoma, yakishakaa kwenye tangi moja na kukorogwa, chupa ya juu na chupa ya chini zinasema habari ileile. Karanga haziko hivyo. Ndani ya gunia moja, punje moja inaweza kubeba sumu ya kuangusha gunia zima na jirani zake wote wakawa wazima. Kwa hiyo nitatumia siagi ya karanga kueleza safari nzima ya kupata alama, kwa sababu ndiyo inayomuumbua mtu aliyejiandaa kwa ajili ya maabara tu.

Tuchukue kiwanda cha mfano. Kiko Kizota, Dodoma, vyumba vitatu na stoo, wafanyakazi wanne. Kuna kikaangio cha gesi na mashine ya kusaga ya chuma kisichoshika kutu. Kila bechi inaanza na kilo 60 za karanga zilizobanguliwa, na baada ya kukaanga, kuondoa ngozi na kuchambua zinatoka kopo 135 hivi za gramu 400. Mwenyewe ni mama aliyeanza kwa kuuzia majirani, sasa duka kubwa moja mjini limemwambia litapokea mzigo wake akileta alama.

Karatasi, kwa kifupi

Upande wa makaratasi sitaukalia sana. Jina la biashara au kampuni lisajiliwe BRELA, namba ya mlipakodi iwepo, leseni ya biashara iwepo. Mjasiriamali mdogo hupitia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na kupata barua ya utambulisho, na barua hiyo ina thamani ya fedha, maana serikali hubeba gharama za wajasiriamali wadogo katika miaka ya mwanzo kabla hawajaanza kuchangia wenyewe. Maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa TBS mtandaoni. Asiyejiweza na kompyuta aende ofisi ya kanda hapahapa Dodoma, aelekezwe.

Kuna ushauri mmoja wa zamani ambao bado unazunguka mitaani na unapotezea watu muda. Zamani mtu wa chakula alikuwa na milango miwili: TFDA, yaani mamlaka ya chakula na dawa, kwa ajili ya usajili wa chakula na jengo, TBS kwa ajili ya alama. Kuanzia Julai 2019, baada ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo, masuala ya chakula na vipodozi yalihamia TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA. Anayekwambia leo uanzie TFDA anakumbuka nchi ya zamani. Na anayekwambia kwamba ukishapata namba ya mistari ile ya kuskani, inayoanzia na 620, bidhaa yako imethibitishwa, amechanganya mambo. Ile ni namba ya kutambulisha bidhaa kwenye mashine ya kaunta. Haisemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya kopo.

Katika maombi kuna kipande kimoja ambacho wengi hukijaza kwa haraka, nacho ndicho mkaguzi atakuja nacho mkononi: maelezo ya hatua za uzalishaji na namna unavyodhibiti ubora katika kila hatua. Mama wa Kizota akiandika "tunachambua karanga mbovu", mkaguzi atauliza nani anachambua, kwenye mwanga gani, mbovu zinawekwa wapi, zinapimwa uzito, zinatupwa au zinauzwa. Ukiandika jambo usilolifanya, umejitengenezea kosa mwenyewe kabla mtu hajafika getini.

Punje moja kati ya laki moja

Sumukuvu hutengenezwa na ukungu, hasa ule unaoitwa kitaalamu *Aspergillus flavus*, unaoishi kwenye udongo. Karanga huzaa chini ya ardhi, kwa hiyo vinakutana mapema. Mvua ikikatika wakati punje zinajaza na udongo ukipata joto kali, mmea unadhoofika, maganda yanapasuka, wadudu wanatoboa, ukungu unaingia. Huo ndio mwisho wa msimu wa kawaida katika maeneo mengi ya Kongwa, Bahi na Chamwino. Sumu nyingine inaongezeka baada ya kuvuna, karanga zikianikwa chini na kunyeshewa, au zikiwekwa stoo kabla hazijakauka. Punje zilizobanguliwa zinapaswa kufika unyevu wa asilimia 7 hivi kabla ya kuhifadhiwa. Si jambo la nadharia kwa watu wa kanda hii: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu.

Kikomo kinachotumika katika nchi za Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu yote kwa kilo moja, na ndani ya hiyo, aina ya B1 isizidi mikrogramu 5. B1 imewekewa kikomo chake kwa kuwa ndiyo kali kuliko nyingine, na ndiyo inayohusishwa zaidi na saratani ya ini.

Sasa tufanye hesabu. Watafiti wameshakuta punje moja ya karanga yenye kiwango cha mikrogramu milioni moja kwa kilo. Punje ya nusu gramu yenye kiwango hicho inabeba mikrogramu 500. Itupe kwenye gunia la kilo 50 ambalo punje zake nyingine zote ni safi kabisa: 500 ukigawa kwa 50 unapata 10. Punje moja imelifikisha gunia zima kwenye kikomo, na gunia hilo lina punje kama laki moja. Mtu akichota viganja viwili juu ya gunia na kuvipeleka maabara, uwezekano wa kuikosa punje ile ni mkubwa mno. Maabara itaandika kwamba hakuna sumu. Haitakuwa imekosea, itakuwa imepima ilichopewa.

Ndiyo maana shirika la kimataifa la viwango vya chakula, Codex, linataka sampuli ya kilo 20 kwa shehena za karanga za kwenda kuchakatwa, zisagwe zote kwanza, ndipo kichukuliwe kiasi kidogo cha kupima. Na ndiyo maana siagi yenyewe ni kitu kizuri zaidi kupima kuliko karanga zake: mashine imeshaitawanya ile punje moja kwenye bechi yote. Kopo la siagi linasema ukweli wa bechi yake kwa uhakika kuliko kiganja cha karanga kinavyosema ukweli wa gunia. Lakini linasema ukweli wa bechi yake tu. Bechi ya wiki ijayo ina magunia mengine, na magunia yana mashamba mengine.

Na kukaanga je? Kukaanga hupunguza sumukuvu kwa kiasi, hakuimalizi. Sumu hii huanza kuvunjika vizuri kwenye joto linalozidi nyuzi 230, na kikaangio cha karanga hufanya kazi chini ya hapo sana, vinginevyo ungepata makaa. Kinachosaidia kweli baada ya kukaanga ni kwamba ngozi nyembamba nyekundu inatoka, na punje iliyoathirika mara nyingi inaonekana imebadilika rangi, imejikunja au imekuwa na doa jeusi. Ndiyo saa ya kuchambua kwa mkono, kwenye meza nyeupe na taa nzuri. Mtu mmoja akikaa mezani saa nzima bila kupumzika, jicho linachoka na punje zinapita, kwa hiyo panga zamu fupi.

Lililo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni manunuzi. Kubangua karanga kwa mkono kunaumiza vidole, na wakulima wengi huyalowanisha maganda kwa maji ili yalainike. Mnunuzi wa sokoni huona punje zimenona, zina uzito mzuri, kumbe zimebeba maji na zimefungwa nayo ndani ya kiroba cha nailoni. Katika siku chache ukungu umeamka. Msindikaji anayeweza, anunue karanga zikiwa bado kwenye maganda kutoka kwa kikundi kinachojulikana, abangue mwenyewe kwa mashine ndogo zikiwa kavu. Zitamgharimu nafasi ya stoo na muda, lakini hapo ndipo usalama wa siagi unapoamuliwa, mbali na mashine ya kusaga na mbali na maabara.

Mkaguzi anapoingia

Wenye viwanda vidogo huogopa mkaguzi kwa sababu wanadhani anakuja kuangalia kama pamepakwa rangi. Vigae na dari ataviangalia, ndiyo. Taa ziwe na vifuniko ili balbu ikipasuka vioo visiingie kwenye siagi, madirisha yawe na wavu, choo kisifungukie moja kwa moja chumba cha uzalishaji, wafanyakazi wawe wamepimwa afya na vyeti viwepo. Lakini mkaguzi anayejua karanga atasimama katikati ya nyumba na kufuatilia njia: karanga mbichi zinaingia mlango gani, zinapita wapi, na ni wapi zinapokutana na karanga zilizokaangwa.

Hapo kuna adui wa pili, tofauti kabisa na sumukuvu. Karanga mbichi, zimetoka udongoni na kupita kwenye mikono na panya wa maghala, zinaweza kuwa na bakteria wa salmonela. Moto wa kikaangio, ukifika inavyotakiwa na kukaa muda wa kutosha, unawaua. Baada ya hapo hakuna moto mwingine hadi siagi inafika mdomoni. Kwa hiyo kila kinachoigusa karanga baada ya kukaangwa ni muhimu kuliko kinachoigusa kabla: ungo uliotumika upande wa mbichi ukahamia upande wa zilizoiva, mikono ya aliyepokea magunia, vumbi la kubangulia linalopeperushwa na feni kuelekea kwenye mashine ya kusaga. Kipimo cha salmonela hakina kiasi cha kuvumiliwa. Asionekane hata mmoja katika gramu 25.

Watu hujitetea kwamba siagi ni kavu, bakteria hawawezi kuishi humo. Kuzaliana hawawezi. Kuishi wanaishi miezi, tena mafuta yanawakinga tumboni dhidi ya asidi. Huko Marekani mwaka 2008 na 2009 siagi ya karanga na vitafunwa vilivyotokana nayo viliugulisha zaidi ya watu 700 na 9 wakafa, kwa bakteria hawahawa.

Na hapa ndipo usafi wa bidii unapoweza kuharibu kazi. Kwenye kiwanda chetu cha mfano, kila jioni mashine ya kusaga ilikuwa inaoshwa kwa ndoo ya maji na sabuni, kisha inaachwa ikauke yenyewe. Haikuwa inakauka. Kwenye viungio vya skrubu na chini ya jiwe la kusagia, maji yalikuwa yanachanganyika na mabaki ya siagi na kutengeneza uji, na kwenye uji ule bakteria wanazaliana, kwa sababu sasa wana chakula na wana maji. Mkaguzi aliyefungua mashine na kukuta utelezi mweupe chini ya jiwe hatahitaji maabara. Mashine ya siagi husafishwa kwa kukwangua na kupangusa kavu, na kundi dogo la karanga zilizokaangwa kupitishwa ili lifagie mabaki, kisha linatupwa. Maji yakilazimika kutumika, mashine inafunguliwa yote, inakaushwa yote, na inaandikwa kwenye daftari kwamba imekaushwa na nani.

Daftari hilo ndilo jambo la pili mkaguzi anatafuta. Atachukua kopo lolote kwenye rafu yako, asome namba ya bechi, halafu aombe umwonyeshe magunia yaliyoingia humo yalitoka kwa nani, yalipokelewa lini, yalikaangwa kwa joto gani na kwa muda gani, mbovu zilizochambuliwa zilikuwa kilo ngapi, na kopo 135 zilikwenda duka gani. Msindikaji mwenye kumbukumbu nzuri kichwani atajibu yote kwa mdomo, na hatapata alama, kwa kuwa kichwa chake hakikai kiwandani siku zote. Si lazima pawe na kompyuta. Daftari kubwa lenye mistari, ukurasa mmoja kwa kila bechi, linatosha kabisa. Kwenye meza ya mizani ataangalia kama mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo iliyo hai, maana kopo lililoandikwa gramu 400 lenye gramu 370 ni kosa hata kama siagi ni tamu.

Mapungufu yataandikwa, na utapewa muda wa kurekebisha. Karibu kila kiwanda kidogo kinapata orodha hiyo mara ya kwanza. Isome kwa makini kabla ya kuita fundi. Nimeona watu wakitumia fedha yote kwenye vigae vya sakafu wakati kilichoandikwa cha kwanza kilikuwa kutenganisha chumba cha mbichi na cha zilizoiva, kazi ya ukuta mmoja wa mbao na mlango.

Sampuli, na namna ya kusoma ripoti

Sampuli ya uthibitisho haichaguliwi na mwenye mali. Mkaguzi anachukua mwenyewe makopo kutoka kwenye mzigo uliopo, anayafunga kwa lakiri, fomu inajazwa namba ya bechi na tarehe, mnasaini wote wawili. Kwa sababu hiyo, siku ya ukaguzi kiwanda kiwe na mzigo halisi. Bechi moja maalumu iliyotengenezwa kwa karanga bora kuliko za kawaida inakudanganya wewe zaidi ya inavyomdanganya mkaguzi. Na makopo mawili ya bechi ileile baki nayo stoo, yameandikwa, hayauzwi. Usipokuwa nayo, siku ya matatizo huna cha kulinganisha.

Maabara hupima mambo ya aina tatu. Kuna ya muundo wa bidhaa, kama unyevu na mafuta, na dalili za kuchacha kwa mafuta hayo. Kuna ya vijidudu, salmonela akiwemo. Na kuna sumukuvu. Pembeni, lebo nayo inasomwa: jina la chakula, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namna ya kuhifadhi, na onyo kwamba ina karanga kwa wenye mzio. Tarehe ya mwisho isiwe ya kubuni. Ukiandika miezi kumi na miwili, uwe na makopo uliyoyaweka kwenye joto la Dodoma na kuyafungua kila baada ya muda ukaona mafuta hayajachacha.

Tuseme ripoti ya kiwanda chetu imerudi hivi: unyevu sawa, salmonela hayupo, sumukuvu yote mikrogramu 8.6 kwa kilo, B1 mikrogramu 6.9. Mama anasoma 8.6, anakumbuka kikomo ni 10, anashukuru Mungu. Lakini bechi imeanguka. B1 peke yake imepita 5, na kila kikomo kinasimama chenyewe. Kwenye karanga B1 mara nyingi ndiyo sehemu kubwa ya sumukuvu yote, kwa hiyo kikomo cha 5 ndicho kinachokukamata kwanza. Anayejipima mwenyewe kwa vijiti vya haraka vinavyotoa jumla tu, akiona 8 asilale.

Kinachofuata si kuomba kupimwa tena. Kinachofuata ni daftari. Ukurasa wa bechi ile unaonyesha kilo 40 zilitoka kwa kikundi cha Kongwa, zilinunuliwa kwenye maganda na kubanguliwa kiwandani. Kilo 20 zilijazia pengo, zilinunuliwa sokoni zikiwa tayari zimebanguliwa. Kwa bahati kila gunia lilikuwa limeachiwa akiba kidogo. Akiba zinasagwa, zinapimwa: za Kongwa zina B1 ya mikrogramu 1 kwa kilo. Je, za sokoni zilikuwa na ngapi? Hata kabla ya kupima unaweza kukadiria. Bechi ya kilo 60 yenye 6.9 ina jumla ya mikrogramu 414. Toa 40 za Kongwa, zinabaki 374, gawa kwa kilo 20: karibu 19 kwa kilo, karibu mara nne ya kikomo. Hesabu hii inapuuza kilichopungua kwenye kuchambua na kukaanga, kwa hiyo huenda zilikuwa na zaidi ya hapo.

Hapo huja wazo ambalo kila msindikaji hulifikiria hata asipolisema. Kama kilo 20 zimetuangusha, tukiweka kilo 5 tu kwenye 60? Hesabu inasema B1 itakuwa 2.5, itapita. Wazo hilo ni baya, na si kwa sababu ya uadilifu peke yake. Ile 19 ni makadirio ya zile kilo 20 zilizokwisha. Kiroba kingine kutoka kwa mchuuzi huyohuyo kinaweza kuwa na 0 au 200, na kilo 5 zenye 200 zinaipeleka bechi juu ya 17. Kuchanganya kunafanya kazi pale tu unapojua kwa hakika unachanganya nini, na ukijua kwa hakika kwamba ni sumu, haina sababu ya kuingia kwenye kopo la mtoto.

Marekebisho ambayo TBS itayaelewa yanaandikwa hivi: kiwanda hakinunui tena karanga zilizobanguliwa, kila mzigo unapimwa unyevu unapopokelewa na unaozidi kiwango unarudishwa, msambazaji ana ukurasa wake, mzigo mpya wa kila msambazaji unasagwa sampuli na kupimwa kabla ya kuingia uzalishaji. Bechi iliyoanguka inazuiwa na kuteketezwa kwa utaratibu, na karatasi yake inabaki. Haiuzwi kwa bei ya chini na haiendi kwa mfuga kuku wala ng'ombe wa maziwa. Sumukuvu huua kuku, na ng'ombe akiila hutoka kwenye maziwa. Ndipo sampuli nyingine inachukuliwa, kutoka kwenye bechi zilizotengenezwa chini ya utaratibu mpya.

Leseni ikishatoka

Ripoti zote mbili zikisimama, ya ukaguzi na ya maabara, unapewa leseni ya kutumia alama, pamoja na masharti unayosaini. Hapo ndipo unachapisha lebo zenye alama na namba ya leseni, si kabla. Kuna waliochapisha maelfu ya lebo wakati maombi bado yako mezani, kwa kuwa bei ya kiwanda cha uchapaji ilikuwa nafuu kwa wingi. Kutumia alama bila leseni ni kosa kisheria, na hata mwenye nia njema hubaki na maboksi ya lebo asizoweza kuzibandika, hasa akiambiwa abadilishe neno moja tu kwenye viambato.

Leseni ni ya mwaka mmoja na inahuishwa. Katikati ya mwaka wakaguzi wanaweza kuja bila taarifa, na wanaweza kununua kopo lako dukani, soko la Majengo au kwingine, na kulipima. Kopo la dukani ni kipimo kigumu kuliko la kiwandani, maana limekaa kwenye jua la dirishani na limebebwa kwenye bodaboda. Likianguka, swali la kwanza litakuwa namba ya bechi, na la pili ni mangapi ya bechi hiyo bado yako madukani na unayarudishaje. Kwa kiwanda chenye daftari, hilo ni zoezi la siku moja: kopo 135, maduka matano, simu tano. Kwa kiwanda kisicho na daftari, itabidi kukusanya kila kopo lililopo sokoni, kwa sababu hakuna anayeweza kusema ni lipi zuri.

Leseni inaihusu bidhaa ile, jina lile, na jengo lile. Mama wa Kizota akiongeza siagi yenye asali au ufuta, hiyo ni bidhaa nyingine, ina vipimo vyake na lebo yake. Akihamia Nala kwenye eneo kubwa zaidi, alama haihami pamoja na mashine: aitaarifu TBS kabla ya kuhama na akaguliwe upya, kwa sababu kilichokaguliwa mwanzo kilikuwa njia ya karanga ndani ya nyumba ile, na nyumba mpya ina milango mingine.